Pengo au kiwakilishi: jinsi lugha zinavyounda kishazi rejeshi

Kishazi rejeshi ni sentensi ndogo inayoambatana na nomino ili msikilizaji ajue ni mtu yupi, au kitu kipi, kinachozungumzwa. Katika "mwanafunzi aliyechelewa", "mwanafunzi tuliyemchagua" na "mwanafunzi ambaye simu yake imeibwa", nomino ni ile ile, lakini kazi yake ndani ya kishazi inabadilika. Katika mfano wa kwanza mwanafunzi ndiye mtenda, yaani kiima cha kitenzi "chelewa". Katika wa pili yeye ni shamirisho, kwa kuwa yeye ndiye aliyechaguliwa. Katika wa tatu hatendi wala hatendwi, bali ni mwenye simu tu. Nomino yenyewe imekaa nje ya kishazi, mbele kabisa, lakini kazi yake imebaki ndani. Kila lugha hulazimika kuamua ifanye nini na nafasi hiyo iliyoachwa wazi.

Njia mbili ndizo zinazotumika zaidi. Ya kwanza ni kuiacha nafasi tupu, na msikilizaji akaijaza mwenyewe akilini. Wanaisimu huiita mbinu ya pengo. Ya pili ni kuweka kiwakilishi katika nafasi hiyo ili kishikilie mahali pa nomino iliyotoka. Kiingereza hupenda pengo hata mahali ambapo Kiswahili hakilikubali. Kikitaja kisu kilichotumika kukata nyama, huweza kuacha kihusishi chenye maana ya "kwa" au "na" mwishoni mwa kishazi bila chochote baada yake. Mswahili hawezi kusema "kisu nilichokata nyama na" akaishia hapo. Lazima aseme "nilichokata nyama nacho", na hiyo "-cho" ya mwisho ndiyo kiwakilishi kinacholijaza pengo.

Ingedhaniwa kwamba kila lugha huchagua njia moja na kuifuata daima. Sivyo ilivyo. Lugha nyingi hutumia zote mbili, na mpaka kati yake hauwekwi ovyo.

Ngazi ya vidato sita

Mwaka 1977 wanaisimu Edward Keenan na Bernard Comrie walichapisha makala iliyolinganisha vishazi rejeshi vya lugha zipatazo 50 kutoka sehemu mbalimbali za dunia. Waligundua kwamba kazi za nomino ndani ya kishazi haziko sawa. Zipo zinazofikiwa kwa urahisi na kishazi rejeshi, na zipo zinazofikiwa kwa shida. Wakazipanga katika mfuatano ambao kwa Kiswahili unaweza kuitwa ngazi ya ufikivu.

Juu kabisa yupo kiima: "mama aliyepika wali". Chini yake lipo shamirisho kipozi, yaani kile kinachotendwa moja kwa moja: "wali alioupika mama". Kidato cha tatu ni shamirisho kitondo, yaani anayetendewa: "mgeni tuliyempa wali". Cha nne ni nomino inayotegemea kihusishi, kama vile chombo kilichotumika au mtu aliyeandamana na mtenda: "rafiki niliyesafiri naye". Cha tano ni mmiliki: "mzee ambaye shamba lake limeuzwa". Cha mwisho ni kile kinacholinganishwa na kingine: "mtu ambaye Asha ni mrefu kuliko yeye".

Katika ngazi hii Keenan na Comrie walisimamisha madai matatu. La kwanza ni kwamba kila lugha inaweza kuunda kishazi rejeshi kinachohusu kiima. La pili ni kwamba mbinu yoyote ya kuunda kishazi rejeshi hushika vidato vinavyofuatana, haiwezi kuruka kidato kimoja kisha ikaibukia kingine. La tatu ni kwamba mbinu inayoanzia juu inaweza kukoma kwenye kidato chochote. Lugha inayoweza kurejesha mmiliki kwa mbinu kuu iliyoanza na kiima, basi kwa mbinu hiyo hiyo itaweza pia kurejesha vidato vyote vilivyo juu ya mmiliki.

Kinachovutia zaidi ni namna pengo na kiwakilishi vinavyogawana ngazi hiyo. Pengo hutawala juu, hasa kwenye kiima. Kiwakilishi huanza kuingia kadiri mtu anavyoshuka, mara nyingi kwanza kama hiari, kisha kama lazima. Lugha inapokuwa na mbinu zote mbili, ni nadra sana kukuta mpangilio uliopinduliwa, yaani kiwakilishi juu na pengo chini.

Kiebrania cha leo kinaonyesha mpango huo waziwazi. Vishazi rejeshi vyake huanza na "she-". Mtu anayetaka kusema "mwanamume aliyekuja" husema *ha-ish she-ba*, bila kiwakilishi chochote cha kiima. Akisema "mwanamume niliyemwona", ana hiari: *ha-ish she-raiti* inatosha, na *ha-ish she-raiti oto*, yenye "oto" kwa maana ya "yeye" kama shamirisho, inakubalika pia. Lakini "mwanamume niliyezungumza naye" ni lazima iwe *ha-ish she-dibarti ito*, ambapo "ito" ni "naye". Ukiondoa kiwakilishi hapo, kishazi kinavunjika. Kwa hiyo katika vidato vitatu vya lugha moja kuna hali tatu: pengo tu, hiari, kisha kiwakilishi tu. Kiarabu sanifu nacho hufuata njia hiyo. Kiima hakirudiwi, shamirisho huweza kurudiwa kwa kiambishi "-hu" mwishoni mwa kitenzi, na baada ya kihusishi kiwakilishi ni cha lazima, kama katika *ma'ahu*, yaani "pamoja naye".

Kiswahili kwenye vidato hivyo

Kiswahili kinastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu kina zaidi ya namna moja ya kuunda kishazi rejeshi na kwa sababu vitenzi vyake hubeba viambishi vingi. Mtu akiharakisha anaweza kudhani kwamba Kiswahili hutumia viwakilishi tangu juu hadi chini. Katika "mgeni niliyemwona" kuna "-ye-" ya urejeshi, na tena kuna "-mw-" ya shamirisho. Je, hiyo "-mw-" ni kiwakilishi kinachojaza pengo, sawa na "oto" ya Kiebrania?

Njia ya kupima ni kurudi kwenye sentensi ya kawaida isiyo na urejeshi. Mswahili husema "nilimwona mgeni", na "-mw-" ipo ingawa mgeni mwenyewe ametajwa baada ya kitenzi. Hapo haichukui nafasi ya nomino, kwa kuwa nomino ipo mahali pake. Inalingana nayo tu, kama kiambishi cha kiima "a-" kinavyolingana na mama katika "mama alipika". Ikiwa "-mw-" huwapo hata pasipo na pengo, basi kuwapo kwake ndani ya kishazi rejeshi hakuthibitishi kwamba pengo limejazwa.

Ushahidi wa pili unatoka kwa vitu visivyo na uhai. "Kitabu nilichosoma" ni kishazi kizuri, na "kitabu nilichokisoma" pia ni kizuri. Kiambishi "-ki-" kinaweza kuwapo au kutokuwapo. Ushahidi wa tatu ni mkali zaidi. Kitenzi cha Kiswahili kina nafasi moja tu ya kiambishi cha shamirisho. Katika "kitabu nilichompa mtoto", nafasi hiyo imeshachukuliwa na mtoto kupitia "-m-". Hakuna anayesema "nilichokimpa". Kitabu hakina chochote cha kushikilia mahali pake baada ya kitenzi, na kishazi kinaeleweka barabara. Hilo ni pengo halisi.

Mambo hubadilika mtu anaposhuka hadi kidato cha nne. "Rafiki niliyesafiri naye" haiwezi kuwa "rafiki niliyesafiri na". Hapa kipimo kile kile kinatoa jibu tofauti, kwa sababu katika sentensi ya kawaida mtu husema "nilisafiri na Juma", na "-ye" huingia pale ambapo "Juma" ametoka. Kimoja kinashika nafasi ya kingine. Hicho ndicho kiwakilishi cha kweli, na ni cha lazima.

Mahali pana namna yake. "Nyumba waliyoingia ndani yake" hutumia kiwakilishi katika "yake", lakini "nyumba walimoingia" haina. Hili linawezekana kwa kuwa Kiswahili kina ngeli za mahali, na virejeshi "-po-", "-ko-" na "-mo-" hubeba wazo la mahali vyenyewe. Kazi ambayo kwingineko ingefanywa na kihusishi tayari imo ndani ya kitenzi, kwa hiyo hakuna kihusishi kinachobaki kikidai nomino baada yake.

Kwenye kidato cha tano kiwakilishi kinabaki. "Mzee ambaye shamba lake limeuzwa" huhitaji "lake" ili ijulikane mzee anahusianaje na shamba. Kwenye cha sita, "mtu ambaye Asha ni mrefu kuliko yeye" haisimami bila "yeye". Inafaa kuona pia kwamba vidato hivi vya chini humsukuma msemaji kutumia "amba-". Kirejeshi kilichochomekwa ndani ya kitenzi hufanya kazi vizuri pale nomino inapohusiana na kitenzi chenyewe, kama kiima au shamirisho chake. Mwenye shamba hana uhusiano na kitenzi "uzwa" isipokuwa kupitia shamba. "Amba-" husimama peke yake nje ya kitenzi, na sentensi inayofuata hubaki nzima, ikiwa na kiwakilishi chake.

Pale pengo linapoleta utata

Pengo lina gharama, na Kiswahili kinaionyesha hata juu ya ngazi. Kirejeshi kinapochomekwa kwenye kitenzi, kwa kawaida mtenda hutajwa baada ya kitenzi: "kitabu alichosoma mtoto". Hakuna tatizo hapo, kwa kuwa kitabu na mtoto ni wa ngeli tofauti. Lakini sentensi kama "mwizi aliyemwona mlinzi alikimbia" ina maana mbili. Huenda mwizi ndiye aliyemwona mlinzi. Huenda pia mlinzi ndiye aliyemwona mwizi. "A-", "-ye-" na "-mw-" vyote ni vya umoja katika ngeli ya A-WA, kwa hiyo kila kimoja kinaweza kumhusu yeyote kati ya wawili hao.

Utata huo hutoweka mara moja idadi ikibadilika. "Wezi waliomwona mlinzi" ni wezi walioona, na "wezi aliowaona mlinzi" ni wezi walioonwa, kwa sababu viambishi havifanani tena. Idadi isipoweza kubadilishwa, "amba-" husaidia. Katika "mwizi ambaye mlinzi alimwona", mlinzi anasimama mbele ya kitenzi chake, na msomaji anajua nani alimwona nani. Mwandishi wa habari za mahakamani au za ajali anapaswa kuikagua sentensi ya aina hii kila inapomtoka, kwa kuwa makosa yake hayaonekani kwa mwandishi mwenyewe. Yeye anajua alichokusudia, na akili yake inalijaza pengo bila kusita. Kipimo ni kuuliza kama majina mawili yakibadilishana kazi, kishazi bado kitasimama vile vile bila kubadilika herufi.

Njia ya tatu: kuipandisha nomino

Kuna lugha ambazo hazishuki ngazi kabisa. Kimalagasi cha Madagaska ndicho mfano unaotajwa zaidi. Kwa mbinu yake kuu, kishazi rejeshi huweza kuhusu kiima tu. "Mwanamke anayefua nguo" inapatikana bila shida: *ny vehivavy izay manasa lamba*. Lakini mtu hawezi kuchukua kitenzi hicho hicho "manasa" na kukitumia kurejesha sabuni iliyofulia nguo.

Wasemaji wa Kimalagasi hawabaki bila la kusema. Kitenzi chao kina maumbo kadhaa, na kila umbo huiweka nomino nyingine katika nafasi ya kiima. Umbo la kutendwa, *sasana*, huifanya nguo kuwa kiima. Umbo jingine, *anasana*, huifanya sabuni kuwa kiima. Baada ya hapo *ny savony izay anasan-dRasoa lamba*, yaani sabuni anayofulia nguo Rasoa, inakubalika kikamilifu, kwa sababu sabuni sasa imekaa kwenye kidato cha juu. Badala ya kishazi kuishukia nomino, nomino imepandishwa ilipo mbinu.

Kiswahili kina njia hiyo pia, na wasemaji huitumia kila siku. "Kisu nilichokata nyama nacho" hutumia kiwakilishi kwenye kidato cha nne. "Kisu nilichokatia nyama" hakina kiwakilishi, kwa kuwa mnyambuliko wa kutendea umekitoa kisu kwenye kihusishi na kukifanya shamirisho la kitenzi. Ndivyo ilivyo kwa mmiliki. "Mtu ambaye simu yake imeibwa" ni sahihi, lakini "mtu aliyeibiwa simu" ni fupi na ndiyo huja haraka mdomoni. Kauli ya kutendewa na kutendwa zimeungana katika "ibiwa", na mwenye simu amepanda kutoka kidato cha tano hadi cha kwanza. "Mtoto ambaye mama yake amekufa" hupanda na kuwa "mtoto aliyefiwa na mama yake". Hata mlinganisho wa kidato cha mwisho hupandishika: "mtu ambaye Asha ni mrefu kuliko yeye" huweza kuwa "mtu aliyezidiwa urefu na Asha".

Kwa hiyo Mswahili anayefika chini ya ngazi ana njia mbili mbele yake. Anaweza kuacha nomino pale ilipo na kuweka kiwakilishi, au anaweza kunyambua kitenzi ili nomino ipande na pengo litoshe.

Sababu, na takwimu zake

Maelezo ya mpangilio huu yanaanzia kwa msikilizaji. Anaposikia nomino kisha kishazi, lazima agundue nomino hiyo ina kazi gani ndani yake. Kiima ni rahisi kukigundua, kwa sababu karibu kila kitenzi kinacho. Mmiliki ni mgumu, kwa kuwa hajulikani mpaka kile anachomiliki kitajwe, na kila nomino katika kishazi inaweza kuwa na mwenyewe. Keenan alieleza kwamba kishazi chenye kiwakilishi kinakuwa na maana kamili hata kikisomwa peke yake. "Shamba lake limeuzwa" ni sentensi nzima. Mwanaisimu John Hawkins aliendeleza hoja hiyo kwa kuonyesha kwamba pengo huokoa maneno lakini humwongezea msikilizaji kazi ya kutafuta, ilhali kiwakilishi huongeza neno na kupunguza kazi hiyo. Juu ya ngazi kazi ni ndogo, kwa hiyo pengo lina faida. Chini kazi ni kubwa, na neno la ziada linastahili gharama yake.

Takwimu za baadaye zinaelekea upande huo huo. Katika atlasi ya miundo ya lugha za dunia iliyochapishwa mwaka 2005, Bernard Comrie na Tania Kuteva walichunguza mbinu inayotumika kwa kiima katika lugha 166. Lugha 125 zilitumia pengo, na 5 tu zilitumia kiwakilishi. Walipochunguza nomino zinazotegemea vihusishi na kazi zinazofanana nazo katika lugha 112, pengo lilibaki katika lugha 55, huku kiwakilishi kikipanda hadi 20. Katika lugha 10 kishazi cha namna hiyo hakikuwezekana kabisa. Lugha zilizobaki katika hesabu zote mbili zilitumia mbinu nyingine. Pengo halitoweki chini ya ngazi, lakini linapungua, na kiwakilishi kinaongezeka.

Mipaka ya ngazi

Ngazi hii ina sehemu dhaifu zinazojulikana. Ya kwanza inahusu kiima chenyewe. Kidyirbal, lugha ya wenyeji wa kaskazini-mashariki mwa Queensland huko Australia, ambayo sarufi yake ilichapishwa na R. M. W. Dixon mwaka 1972, huwaweka pamoja anayetendwa na mtenda wa kitenzi kisicho na shamirisho. Hao ndio wanaorejeshwa moja kwa moja. Mtenda wa kitenzi chenye shamirisho, ambaye katika Kiswahili angekuwa kiima bila ubishi, hurejeshwa tu baada ya kitenzi kubadilishwa umbo. Kidato cha juu kipo, lakini aliyekikalia si yule yule anayekikalia katika Kiswahili au Kiebrania. Kwa sababu hiyo haitoshi kuichukua ngazi kama orodha ya majina ya kisarufi. Lazima kwanza ijulikane kila lugha inaipa nomino ipi nafasi ya juu.

Ya pili inahusu kidato cha tatu. Lugha nyingi hazitofautishi kitondo na kipozi, au hukitendea kitondo kama nomino yenye kihusishi. Katika Kiswahili kitondo ndicho kinachotwaa nafasi pekee ya kiambishi, kama "-m-" katika "nilichompa mtoto", na kipozi huachwa bila kiambishi. Kwa kipimo hicho kitondo hakiko chini ya kipozi. Vivyo hivyo, lugha isiyo na neno kama "kuliko", inayolinganisha kwa kitenzi cha "kuzidi", haina kidato cha sita kilicho peke yake, kwa kuwa anayezidiwa ni shamirisho la kawaida.

Ya tatu ni swali la viambishi ambalo Kiswahili na lugha nyingine za Kibantu huliibua. Kipimo cha "nilimwona mgeni" kinaonyesha kwamba "-mw-" inalingana na nomino badala ya kushika nafasi yake, lakini "-ki-" ya hiari katika "nilichokisoma" iko karibu zaidi na kiwakilishi, na wanaisimu hawajakubaliana ihesabiwe upande gani. Ikihesabiwa kuwa kiwakilishi, Kiswahili kitafanana na Kiebrania: pengo kwenye kiima, hiari kwenye shamirisho lisilo na uhai, lazima baada ya kihusishi. Ikihesabiwa kuwa upatanisho, pengo la Kiswahili litafika chini zaidi kabla ya kiwakilishi kuanza. Katika hesabu zote mbili, hata hivyo, mpaka unabaki ndani ya mpangilio ule ule: mbinu ya juu inashuka bila kuruka kidato, na pale inapokoma, kiwakilishi ndicho kinachopokea.